Pumzi za Paka Usingizini

Sina hakika ni nani kati yetu wawili alikuwa mwenye paka. Naanza na hilo ili jirani yangu asije akasema nimejipa haki isiyo yangu. Asubuhi alikula kwangu. Mchana alilala kwake, chini ya kitanda, penye sakafu ya baridi. Jioni alikaa juu ya ukuta uliotutenga na kungoja harufu: nikikaanga mimi alishuka upande wangu, akikaanga yeye alishuka upande wake. Alikuwa dume la kijivu lenye kifua cheupe, kubwa, na sikio moja lililochanika kwenye ugomvi. Hatukumpa jina. Jirani alimwita "mgeni wetu", mimi nilimwita "wewe".

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule barazani, Mbagala, kwenye nyumba tuliyoijenga na marehemu mume wangu kidogo kidogo mpaka ikatushinda kwenye plasta. Nimesoma mpaka darasa la saba, kwetu Songea, na haya naandika kwa sababu nisipoandika nasahau, tena nikisahau najisingizia mazuri. Binti yangu ameolewa Mwanza. Hupiga simu Jumapili. Siku nyingine sauti yangu mwenyewe naisikia kwa mara ya kwanza alasiri, nikimwambia mtoto wa mteja "geuka nipime mgongo". Paka sikuwa nikizungumza naye sana. Lakini alikuwa akinitazama nikila, na kula huku unatazamwa si sawa na kula peke yako.

Jirani yangu ni mtu wa pwani, mzaliwa wa hapahapa Temeke, kanizidi umri kama miaka kumi na tano. Namwamkia shikamoo, naye hunijibu "marahaba mwanangu" kwa sauti ya kunikaribisha na kunisuta kwa pamoja. Hatukuwa marafiki. Tulikuwa watu wawili wenye paka mmoja.

Ugomvi wa paka ndio uliotufikisha kwa daktari. Alikuwa akirudi na majeraha, na mkojo wake alinyunyiza kwenye vitambaa vya wateja. Nikaamua kumpeleka kwa daktari wa mifugo akahasiwe. Jirani hakupenda.

"Unamkata mwanaume wa watu, amekukosea nini?"

"Mama, ananiharibia sare. Kitambaa cheupe kile, nitamwambia nini mzazi?"

"Mwambie ni manukato." Akacheka peke yake. Kisha akasema, "Haya, mpeleke. Ila mie simo. Akinuna, anune na wewe."

Nilimtia kwenye tenga, nikafunika kwa kanga, tukaenda kwa bajaji. Daktari alikuwa msichana wa kama umri wa binti yangu, mpole wa mikono. Kabla ya yote alimwekea kifuani kile kifaa cha kusikilizia. Akasikiliza, akahamisha, akasikiliza tena. Akafumba macho. Mimi nikadhani anasali.

"Mama, huyu amewahi kuhema mdomo wazi?"

"Hata siku moja. Anakula, anakamata panya, anapigana. Ndiyo maana nimemleta."

"Anachoka? Anajificha?"

"Analala sana. Lakini si paka?"

Akatabasamu. "Ni paka, kweli. Ila leo hatumhasi. Moyo wake una mdundo wa tatu ambao haupaswi kuwepo. Unaenda kama farasi anayekimbia. Nikimlaza kwa dawa ya usingizi bila kujua kuna nini, anaweza asiamke."

Niseme ukweli: nilimshuku. Nilifikiri, mtoto huyu ameona mjane na tenga lake, sasa anataka kunizungusha. Nikamwambia nitafikiri. Nilifika mpaka mlangoni, nikarudi. Sikurudi kwa sababu nilimwamini. Nilirudi kwa sababu nisingeweza kufika nyumbani na kumweleza jirani nusu ya habari.

Walimpima presha kwa kimkanda kidogo mkiani, wakamtoa damu, kwa maana daktari alisema kuna tezi ya shingoni inayoweza kuuchosha moyo wa paka, na presha nayo inaweza. Majibu ya hayo yalikuwa sawa, kwa hiyo siku nyingine tukarudi kwa kipimo cha picha. Wakamnyoa kipande kifuani, wakampaka kitu kama mafuta ya nywele, wakamlaza ubavu. Mimi nilishika miguu ya mbele. Kwenye kioo niliona kitu kikifumba na kufumbua kama ngumi.

"Hapa peusi ni damu," daktari akasema. "Hii kijivu inayozunguka ni nyama ya moyo. Umeona ulivyo mnene ukuta huu? Umenenepa kwa ndani. Nafasi ya damu imekuwa ndogo, na ukuta mnene haulegei vizuri kuipokea. Kwa hiyo damu inasongamana nyuma, chumba hiki cha juu kinatanuka. Kimeshaanza."

Nikamwambia, "Kama koti ulilolitia bitana nene mno. Nje ni saizi ileile, mtu akivaa mkono hauingii."

"Hivyohivyo, mama."

Nilimuuliza kama ni chakula changu. Nilikuwa nimeliwaza hilo toka asubuhi. Akasema hapana, mara nyingi wanazaliwa na ugonjwa huu, upo kwenye ukoo wao, na madume hupatwa zaidi. Wengi hawaoneshi kitu. Wengine hata kwa kile kifaa husikii lolote. Wanacheza, wanakula, mpaka siku moja. Sikumuuliza siku moja nini. Akaniambia mwenyewe, bila kupamba: maji yanaweza kujaa kwenye mapafu, au damu ikaganda kwenye kile chumba kilichotanuka, donge likasafiri na kuziba mshipa wa miguu ya nyuma. "Ukimkuta anaburuza miguu, analia, na nyayo ni za baridi, usingoje kesho. Akihema mdomo wazi, usingoje hata saa."

Kupona, akasema, hakuna. Kuna kuchelewesha. Akanipa vidonge vya kuzuia damu isigande, robo kwa siku. Na kazi moja ya nyumbani.

"Akiwa amelala kabisa, siyo ananguruma kwa raha, tazama ubavu. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima. Paka aliyelala kwa kawaida hafiki thelathini. Ukiona anavuka, na ukirudia bado anavuka, nipigie. Hiyo ndiyo kengele yetu. Huyu hatakohoa kama mtu. Kengele ni pumzi tu."

Nyumbani nilimweleza jirani yote, ukutani. Alinisikiliza mkono shavuni.

"Moyo umenenepa," akasema. "Paka. Wakati sisi wenye watoto tunakonda." Halafu akamtazama paka aliyekuwa akijilamba sehemu aliyonyolewa. "Hata haoneshi, maskini."

"Haoneshi."

"Na papa je? Maana kwangu anakula papa."

"Daktari amekataza vyenye chumvi. Papa, ng'onda, vyote."

"Lo! Sasa atakula nini, maua?"

Kidonge kilikuwa kichungu. Mara ya kwanza alitoa povu kama amelishwa sabuni, akanikimbia hadi jioni. Jirani ndiye aliyegundua ujanja: kipande cha samaki fresh bila kidonge, kingine bila kidonge, cha tatu chenye kidonge, cha nne tayari mkononi anakiona. Kwa uroho wa cha nne alimeza cha tatu bila kutafuna. Hilo ni lake, si langu.

Kuhesabu kulikuwa kwangu. Na hapa ndipo penye jambo.

Sina mkono wa kuhesabu mambo yanayoendelea kutembea. Shingo ya mtu naipima, haisogei. Lakini ubavu wa paka unapanda na kushuka, nafika kumi na saba, honi ya bajaji barabarani inalia, nasahau kama ilikuwa kumi na saba au kumi na nane. Nikachukua rozari. Makumi matatu ni thelathini, nikafikiri, na vidole vyangu vinaijua tangu komunyo ya kwanza. Punje moja, pumzi moja. Nikimaliza makumi matatu kabla mshale wa saa ya ukutani haujazunguka, kuna shida. Nisipomaliza, tuko salama.

Nilijiuliza kama ni dhambi. Sikumuuliza padri kwa kuogopa atacheka, au atasema ndiyo. Siku moja jirani alichungulia juu ya ukuta, akaniona.

"Wakatoliki mna mambo! Paka anasomewa rozari. Atabatizwa lini?"

"Nahesabu pumzi, mama."

"Mwache. Akilala hivyo anavuta uradi. Paka ni mtu wa ibada." Na kweli kwao Waislamu husemwa hivyo, kwamba ule mngurumo wa paka ni uradi, dhikri yake. Nilimwambia daktari amesema nihesabu wakati haungurumi. Akasema, "Basi anausoma moyoni."

Mwezi wa kumi, wa kumi na moja, kila siku baada ya chakula cha mchana nilikaa na rozari yangu. Wakati mwingine sikufika hata kumi la tatu. Sasa nikikumbuka, zile zilikuwa dakika nzuri za siku yangu. Mashine imezimwa, barabara imetulia kwa jua, kiumbe kimelala mbele yangu na mimi nina sababu ya kukitazama. Mume wangu alipokuwa akiumwa nilikuwa nikimtazama hivyo, ila yeye alichukia kutazamwa. Aligeukia ukutani.

Desemba msimu ulianza. Watu wasiojua hudhani fundi wa sare hufanya kazi mwaka mzima. Sivyo, tunafanya Desemba na Januari, miezi mingine tunangoja. Baraza ilijaa watoto. Wanapimwa, wanasukumana, wanambeba paka, wanamvisha kola. Joto nalo lile la kukufanya ulale mlango wazi. Paka akaanza kulala mahali pasipo pake: nyuma ya ndoo, kwenye kona ya choo, mara amejikunja kifua chini viwiko nje, kama kuku anayeatamia. Chakula alianza kuacha.

Nikahesabu. Nilifika mwisho wa kumi la tatu karibu sawa na mshale. Punje moja au mbili zilibaki. Hajavuka. Nikarudia kesho yake, vilevile. Nikasema ni joto.

Jirani ndiye aliyesema. Alikuja mpaka barazani, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba wa mume wangu.

"Mwanangu, yule anahema."

"Nimehesabu leo mama. Hajavuka."

"Sikuulizi umehesabu nini. Nakwambia anahema. Tumbo linacheza."

"Si ulisema anavuta uradi?"

Nilisema kwa kejeli na nilijutia pale pale. Hakukasirika. Alisema taratibu, "Uradi nimeuvuta miaka sitini, naujua. Ule si uradi."

Wateja walikuwa wakitutazama. Niliona haya, nikamwambia nitahesabu tena mbele yake. Tukaenda wote hadi kwenye kona ya choo, nikakaa kwenye ndoo, nikatoa rozari, nikatazama saa ya mkononi mwake. Punje ya kwanza, ya pili, mpaka ya kumi. Kisha kidole kikafika kwenye ile punje inayokaa peke yake, ya Baba Yetu. Na kidole kikasimama.

"Mbona umetulia?" jirani akauliza.

"Sijatulia."

"Umetulia. Mdomo unacheza."

Nilikuwa nikisali. Sikujua. Kila nilipofika kwenye punje ile, midomo ilikuwa ikianza yenyewe, Baba yetu uliye mbinguni, jina lako litukuzwe, na wakati huo paka alikuwa akivuta pumzi tatu, nne, zisizo na punje. Kisha naendelea na kumi la pili kana kwamba dunia ilinisubiri. Kwa dakika moja hilo lilitokea mara mbili. Kwa hiyo makumi yangu matatu hayakuwa thelathini. Sijui kwa siku ngapi.

Nikatoa simu, nikamrekodi akiwa amelala, dakika nzima na kidogo, nikamtumia daktari. Hatukukaa sana. Alipiga mwenyewe.

"Mama, nimehesabu mara mbili. Thelathini na nane. Na angalia tumbo linavyosukuma. Mleteni sasa hivi. Msimkimbize, msimkaripie, msimmwagie maji kwa ajili ya joto. Taratibu tu."

Niliwaambia wateja warudi kesho. Mama mmoja alilalamika kwamba shule inafungua, na alikuwa na haki. Nilikuwa nimemwahidi leo. Jirani alivua kanga yake ya mabegani akaitandika ndani ya tenga. Akasema atabaki kulinda vitambaa. Nilitamani aje nami lakini sikusema, na yeye hakuuliza.

Ndani ya bajaji nilimwambia dereva aende polepole, akadhani nina mayai. Paka hakulia. Kwenda kuhasiwa alilia njia nzima. Safari hii alinyamaza, shingo imenyooka, na tulipokaribia kwa daktari akafungua mdomo. Si kwa kulia. Aliuacha wazi tu, ulimi unaonekana. Niliweka mkono juu ya tenga na nikaona kwamba sina la kufanya kwa mkono huo.

Walimpokea mlangoni. Daktari hakumshika sana, hakumpiga picha kwanza. Alimchoma sindano ya kutoa maji, akamweka ndani ya kisanduku cha plastiki chenye bomba la oksijeni, akafunika kitambaa upande mmoja apate giza. Akaniambia maji yameingia kwenye mapafu. Moyo mnene ukienda mbio haupati hata muda wa kujaa, ndiyo maana kumtuliza nako ni dawa.

"Ningemleta mapema?"

Alifikiri kabla ya kujibu, na hilo nilimshukuru. "Siku kadhaa mapema ingekuwa rahisi kwake. Lakini umemleta yuko hai, mama. Wengi tunawapokea wameshaanguka."

Nikamweleza ya rozari. Hakucheka. Alisema kwenye simu kuna saa ya kuhesabu, na kila pumzi nichore kijistari kwenye karatasi, bila kupumzika, hata nikikosea chache.

Alibaki huko. Nilirudi na tenga tupu na kanga ya watu. Jirani alikuwa ameketi kwenye kiti changu cha cherehani, mikono mapajani, hajagusa kitu.

"Wapi?"

"Wamebaki naye. Kwenye oksijeni."

"Atapona?"

"Hapana. Ila huenda akarudi."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kupokea habari za namna hiyo. Akachukua kanga yake, akaenda kwake. Jioni ile sikupika. Nilijua kwamba nikikaanga kitu nitaangalia ukutani.

Alirudi siku ya tatu, amekonda, mwepesi, anakojoa kama mvua kwa ile dawa. Dawa sasa zilikuwa mbili, ya damu mara moja, ya maji asubuhi na jioni, na maji ya kunywa yawe karibu naye muda wote. Daktari alisema huenda miezi, huenda zaidi ya mwaka, hawezi kuniahidi. Kisha akauliza kuhusu nyumbani. Pametulia? Nikamweleza baraza, watoto, kola, mashine. Yeye aliandika tu vipimo vya dawa. Lakini masikio yangu yalikuwa yamesikia nilichomjibu.

Tukiwa kwenye bajaji ya kurudi nililipima suala hilo kama kitambaa kisichotosha. Msimu siwezi kuufunga, ndio unaonilisha. Watoto siwezi kuwazuia, ndio msimu wenyewe. Chumbani kwangu bati liko chini, mchana ni tanuri. Kwa jirani kuna dari, kuna sakafu ya baridi, hakuna mtoto wala mashine, na kuna mtu aliyeona kwa macho matupu nilichokikosa kwa kuhesabu. Nilitafuta sababu moja ya kumweka kwangu isiyonihusu mimi. Sikuipata.

Nilipita mlango wangu, nikabisha hodi kwake.

"Mama, akae kwako. Siyo mchana tu."

"Kabisa?"

"Kabisa. Dawa nitakuja kumpa mwenyewe."

"Wewe utaweza, bila yeye?"

Nikamsogezea tenga. Aliniruhusu niingie. Kwa mara ya kwanza niliona kitanda chenyewe kile, cha mbao nzito, na chini yake mkeka mdogo aliokwisha kuutandika, na bakuli la maji. Paka alitoka kwenye tenga, akanusa mkeka, akajilaza ubavu. Sote wawili tukainama.

Nilihesabu kwa vijistari. Ishirini na nne.

"Haya, nenda kashone," jirani akasema, si kwa ukali. "Wenye watoto wanakusubiri."

Nikaenda. Baraza ilikuwa imejaa. Nilimsimamisha wa kwanza, nikamwambia geuka nipime mgongo, na nilipima mpaka giza. Sasa naenda kwake asubuhi na jioni, navua viatu mlangoni, nampa kidonge kwa ujanja ule wa vipande vinne, nahesabu, natoka. Siku nyingine jirani ananiambia nikae kidogo, siku nyingine hasemi. Jana paka alilala usingizi mzito hata hakuinua kichwa nilipoingia. Ishirini na tano. Nilirudi nyumbani, nikapika ugali na mchicha, nikala.